Uso Uliosuguliwa: Namna ya Kusoma Picha ya Kipande cha Breki Kilichochakaa



Wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, wanaijua picha ninayotaka kuizungumzia leo. Inaingia kwenye simu asubuhi, duka halijafunguliwa vizuri. Ni chuma chenye kutu kimelazwa juu ya gunia, kimepigwa picha kutoka juu, na chini yake pameandikwa: “Bosi, hii bei gani?” Jina la kipande halipo, au lipo na si lake. Wateja wengi huita “breki pedi” chochote kinachosimamisha gari, na sijawahi kuona sababu ya kuwalaumu, maana hawakuajiriwa kuvijua. Aliyeajiriwa kuvijua ni anayepokea picha. Akikosea, mzigo unapanda basi la usiku, unafika mkoani, na gari linabaki juu ya mawe huku watu wawili wakigombana kwa simu juu ya nauli ya kuurudisha.

Vipande vinavyotumwa namna hii ni vinne: pedi, shuu, diski na dramu. Nimewasikia vijana wa gereji wakifundishwa kuvitambua kwa umbo lake la jumla, kwamba pedi ni fupi, shuu imepinda, diski ni bapa, dramu ina kina. Kipande kikiwa mkononi, mafunzo hayo yanatosha. Kwenye picha hayatoshi, kwa sababu picha haina kina wala kipimo. Shuu iliyopigwa picha kwa mbele huonekana fupi na bapa. Pedi nyingi kingo zake zimekatwa kwa upinde, kwa hiyo nazo huonekana zimepinda. Dramu iliyopigwa picha kutoka juu huonekana diski.

Mimi naanzia kwingine. Naitazama picha na kuuliza: uso uliosuguliwa uko wapi?

Breki hizi zote hufanya kazi kwa vitu viwili kusuguana, kimoja kinazunguka na gurudumu, kingine kimezuiliwa kisizunguke. Pedi husuguana na diski. Shuu husuguana na dramu. Pedi haikutani na dramu kamwe, wala shuu haikutani na uso wa nje wa diski. Kwa hiyo kipande kilichochakaa hubeba alama ya mwenzake, na alama hiyo ina umbo. Pedi mbili huibana diski kutoka pande zote mbili, kwa hiyo uso wa pedi ni tambarare, na diski ina nyuso mbili tambarare za duara. Shuu zimo ndani ya dramu na husukumwa kuelekea nje, kwa hiyo shuu imesuguliwa upande wake wa nje uliovimba, na dramu imesuguliwa kwenye ukuta wake wa ndani. Ukiupata uso uliosuguliwa na ukajua kama ni tambarare au umepinda, na kama umepinda ni kwa nje au kwa ndani, huna haja ya kubahatisha.

Sasa tazameni ukutani. Picha ya kwanza ni pedi mbili, moja imelala kifudifudi, nyingine chali. Ile iliyo chali inaonyesha tabaka la msuguano, ambalo kwa ufupi nitaliita nyama, limegandishwa juu ya bamba la chuma. Katikati ya nyama kuna mfereji. Ncha mbili za bamba zina masikio yanayokaa kwenye njia zake ndani ya kalipa. Mwanga umelala juu ya uso huo sawasawa kutoka ncha hadi ncha, na hilo ndilo la kuangalia, kwa sababu uso tambarare hupokea mwanga kwa namna moja. Uso uliovimba huwa na mstari mmoja unaong’aa, kisha pande zote mbili zinafifia. Hata kwenye picha mbovu ya simu ya bei nafuu tofauti hiyo haipotei.

Ile iliyolala kifudifudi haionyeshi nyama hata kidogo, na hizi ndizo picha zinazowasumbua watu wengi. Lakini mgongo nao una la kusema. Pedi ya upande wa ndani, inayosukumwa moja kwa moja na pistoni, huwa na alama ya pete mgongoni, mduara mmoja au miwili kutegemea idadi ya pistoni. Kwenye kalipa ya kawaida inayoteleza, pedi ya upande wa nje husukumwa na vidole vya kalipa, kwa hiyo huwa na alama mbili zilizoachana badala ya mduara. Shuu haina alama ya pete mahali popote. Ukiona mduara safi katikati ya bamba lenye masizi, hiyo ni pedi, hata kama nyama yote imekwisha.

Na nyama hukwisha kweli. Pedi mpya ya gari dogo huwa na nyama ya karibu milimita 10 hadi 12, na mafundi wengi huibadilisha ikibaki milimita 3. Baadhi ya pedi zina kijibati kinachoanza kugusa diski nyama ikipungua, nacho ndicho kinachopiga mluzi. Dereva akiongeza sauti ya redio kwa mwezi mzima, chuma hukutana na chuma. Pedi ya namna hiyo ikipigwa picha huonekana kama kipande cha bati kilichookotwa jalalani, na muuzaji huuliza, “Hiki nacho ni nini?” Atafute mikwaruzo. Mikwaruzo ya pedi hufuata urefu wake kwa upinde mwepesi, kila mmoja sambamba na mwenzake, kwa sababu kilichoichora ni diski inayozunguka. Kutu huja popote, lakini haichori mistari sambamba.

Shuu nitaizungumzia kwa kirefu, maana ndiyo inayodanganya kuliko zote. Ina bamba lililokunjwa kwa upinde, ambalo juu yake nyama imegandishwa, au kwa magari makubwa imepigiliwa kwa ribiti. Chini ya bamba hilo, kwa kusimama wima, kuna ubavu wa chuma wenye matundu. Matundu hayo ni ya springi, ya pini inayoishikilia shuu, na wakati mwingine ya mkono wa handibreki. Mtu anapoiweka shuu chini haiwezi kusimama, inalala ubavu. Kwa hiyo picha nyingi za shuu si picha za nyama, ni picha za ubavu, na uso uliosuguliwa unaonekana kama ukanda mwembamba kwenye ukingo wa nje wa upinde.

Kuna picha moja ya aina hiyo niliyoikuta dukani kwa rafiki yangu, na aliniruhusu niilete hapa. Mteja alikuwa Singida, gari lake Probox, ujumbe wake ulikuwa mfupi: “Nitumie pedi kama hii, gari halishiki.” Kijana wa dukani alikwishashika boksi la pedi za mbele.

“Subiri kwanza,” rafiki yangu akamwambia. “Hiyo pedi umeionaje?”

“Si ameandika mwenyewe, mzee?”

“Ameandika. Wewe umeona nini?”

Kijana akaikuza picha. Kipande kilikuwa na umbo la mwezi mchanga, cheusi kwa masizi. Tulianza na swali letu: uso uliosuguliwa uko wapi? Sehemu kubwa iliyoelekea kamera ilikuwa na kutu kavu ya zamani, haijaguswa na kitu. Kwa hiyo huo haukuwa uso wa kazi, ingawa ulikuwa tambarare. Kwenye ukingo wa nje wa upinde kulikuwa na ukanda wa kijivu, laini, unaong’aa kidogo. Hapo ndipo msuguano ulipokuwa. Uso uliovimba kwa nje ni wa kipande kimoja tu kati ya vinne.

Baada ya hapo vidokezo vingine vilikuja vyenyewe. Ubavuni kulikuwa na matundu ya springi, na ncha moja ilikuwa na pengo la kukaa kwenye silinda ya gurudumu. Karibu na ncha ile kulikuwa na mkono mwembamba wa chuma uliofungwa kwa pini, umeinamia upande wa pili. Huo ni mkono unaovutwa na waya wa handibreki. Kwenye Probox mbele ni diski na nyuma ni dramu, kwa hiyo jibu lilikubaliana na gari lenyewe: shuu ya nyuma, tena ile ya upande wa nyuma ya ekseli, maana kwa mpangilio wa Toyota za aina hii ndiyo inayobeba mkono wa handibreki.

Unene wa nyama tuliukadiria kwa kulinganisha na bamba lililo chini yake kwenye picha hiyohiyo. Vilikuwa karibu sawa, na nyama haikuwa nene kushinda chuma. Shuu mpya ya gari la ukubwa huo huwa na nyama ya karibu milimita 4, na kikomo ni milimita 1. Makadirio ya picha si kipimo, lakini yalitosha kusema kwamba shuu hizi zimefika mwisho au zimekaribia sana. Zinauzwa kwa seti ya shuu nne, mbili kwa kila gurudumu la nyuma, na hubadilishwa zote kwa pamoja. Ukibadilisha upande mmoja tu gari linaweza kuvuta upande mmoja ukikanyaga.

Rafiki yangu hakutuma kitu bado. Aliomba picha ya pili: “Ndugu, nipigie dramu yenyewe, kwa ndani.” Mteja akatuma picha ya diski ya mbele. Huyu hakuwa mzembe. Alitoa gurudumu lililokuwa karibu, akaona chuma cha mviringo chenye matundu ya stadi, akapiga picha. Hili linatuleta kwenye diski na dramu.

Zikitazamwa kutoka nje ya gari, rimu ikiwa imetolewa, diski na dramu hufanana mno. Zote ni za mviringo, zina tundu kubwa katikati na matundu manne au matano ya stadi. Nyingi kati ya hizo, za aina zote mbili, zina pia vitundu viwili vyenye njia za skrubu, vya kuingizia boliti za milimita 8 ili kusukuma kipande kilichogandia kwenye habu. Kwa hiyo kuhesabu matundu hakusaidii kitu, ingawa nimesikia watu wazima wakibishana kwa kuhesabu matundu.

Rudini kwenye msuguano. Diski ina uso uliosuguliwa unaotazama nje, pete pana ya chuma kinachong’aa inayozunguka sehemu iliyoinuka ya katikati. Dramu kwa nje haisuguliwi na chochote, kwa hiyo mgongo wake wote una rangi moja, iwe kutu, iwe rangi ya kiwandani, iwe vumbi lililokaangwa. Ukiigeuza ndipo utaona kwamba ni kama sufuria, na ukuta wake wa ndani ndio unaong’aa. Kama picha inaonyesha mgongo tu na hakuna pete ya kung’aa, hiyo ni dramu, hata kama kina chake hakionekani.

Kuna jambo moja la kuangalia, hasa Tanga, Mombasa na mahali pengine penye hewa ya bahari. Diski iliyolala nje usiku mmoja wa mvua huamka ya rangi ya machungwa. Mtu akiipiga picha asubuhi hiyo, utasema haina uso unaong’aa. Lakini kutu ya usiku mmoja ni ukungu mwembamba, umelala sawasawa, na chini yake miduara ya msuguano bado inaonekana. Kutu ya sehemu isiyosuguliwa ni ya kahawia nzito, ina magamba. Ukiona kutu za aina mbili kwenye chuma kimoja, na mpaka kati yake ni mduara uliokatwa kama kwa bikari, umeshaupata uso wako.

Kingo nazo husema. Diski iliyochakaa huwa na ukingo ulioinuka kwenye mzunguko wake wa nje, pale ambapo pedi haikufika. Dramu iliyochakaa huwa na ukingo kama huo kwenye mdomo wake, kwa ndani, na ndio unaofanya dramu igome kutoka, kwa sababu shuu zimenaswa nyuma ya ukingo huo. Ukitazama diski kwa ubavu, nyingi za mbele zina nafasi za hewa kati ya nyuso zake mbili. Dramu haina nafasi hizo, ingawa baadhi zina mapezi kwa nje.

Na kuna maandishi. Mtu akifuta kutu kidogo kwa brashi ya waya, kwenye diski nyingi ataona MIN TH na tarakimu za milimita, na kwenye dramu nyingi ataona MAX DIA. Sababu yake imo katika kazi ya vipande vyenyewe. Diski huliwa kutoka pande mbili, kwa hiyo kikomo chake ni unene wa chini kabisa. Dramu huliwa kwa ndani, kwa hiyo kila siku inapanuka, na kikomo chake ni kipenyo cha juu kabisa. Diski haiandikiwi kipenyo cha juu cha nje kwa sababu kipenyo chake cha nje hakibadiliki.

Yule ndugu wa Singida hatimaye alitoa gurudumu la nyuma, akaipiga dramu kwa ndani, akafuta na ukingo wake. Iliandikwa MAX DIA 201mm. Dramu hiyo ikiwa mpya ni milimita 200, maana yake imepewa milimita 1 tu ya kuliwa katika maisha yake yote. Fundi wake aliipima akapata 200.4. Ukuta ulikuwa na mikwaruzo mepesi, isiyonasa kucha. Kwa hiyo seti ya shuu ilipanda basi peke yake, dramu zikabaki zilezile. Kabla ya hapo rafiki yangu aliomba namba ya chesesi, na sehemu hii isipuuzwe. Picha inakuambia aina ya kipande, haikuambii saizi. Magari mawili yenye jina moja yanaweza kutofautiana breki kwa mwaka wa kutengenezwa au kwa injini, na kwenye picha isiyo na rula shuu ya Hiace na shuu ya Probox ni ndugu wa tumbo moja.

Ndiyo maana nikiombwa ushauri wa namna ya kupiga picha nasema mambo machache tu. Weka rula au futi kamba pembeni. Piga picha mbili, moja ya uso mpana, nyingine ya ubavu, simu ikiwa usawa wa kipande. Mwanga utoke upande mmoja, si kutoka juu ya kichwa chako, ili mikwaruzo itupe vivuli. Usipulize vumbi kwa mdomo ili picha ipendeze. Nyama za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lolote la breki si la kuvutwa kifuani. Tumia kitambaa kibichi.

Kuna mambo ambayo picha haiyaoni. Haioni ufa mwembamba kama unywele. Haioni diski iliyopinda kiasi cha kutetemesha usukani, maana upindaji huo ni sehemu ndogo sana ya milimita na hupimwa kwa saa ya kupimia, gari likiwa juu. Nyama iliyolowa mafuta ya breki au grisi wakati mwingine huonekana, ina doa jeusi linalong’aa kwa namna isiyofanana na mng’ao wa msuguano, lakini simuamini mtu anayekata shauri juu ya doa bila kuligusa.

Nimalizie kwa picha ya mwisho, ile iliyozusha ubishi mlangoni kabla hatujaanza. Ni kipande cha nyuma cha Prado. Waliosema diski walionyesha pete pana inayong’aa, na kweli ipo. Waliosema dramu waligeuza picha ya pili, wakaonyesha kina cha sehemu ya katikati na ukuta wake wa ndani uliosuguliwa, na kweli upo. Kipande hiki kina nyuso tatu zilizosuguliwa: mbili tambarare kwa ajili ya pedi, na moja ya ndani kwa ajili ya shuu ndogo za handibreki zinazofichwa ndani ya diski. Dukani kinaitwa diski na kitauzwa kama diski, ila anayekipima apime mara mbili, unene wa pete na kipenyo cha ndani, na unaweza kukuta maandishi yote mawili kwenye chuma hicho kimoja. Mteja akikutumia picha ya shuu ndogo isivyo kawaida na kusema gari lake lina diski magurudumu yote manne, usimwambie anaota. Hizo ndizo shuu zake. Na tazama ukuta huo wa ndani kwenye picha hii: una mifereji. Shuu hizi kazi yake ni kushikilia gari lililokwisha kusimama, kwa hiyo ukuta wake haukupaswa kuliwa kiasi hiki. Kabla ya kumtajia bei, muulize kama kuna mtu anayeliendesha huku handibreki imepanda.